Mkataba wa kukodisha mashine: upande wa pili niuandike kwa jina la biashara au kwa jina lake yeye?

Nuru_K (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Mimi na ndugu zangu wawili tulinunua kwa pamoja mashine ya kuchanganyia zege. Sasa amepatikana mkandarasi anayetaka kuikodi kwa miezi sita. Rafiki alinipa mkataba wa mfano, nikaanza kujaza, na nimekwama kwenye mistari ya mwanzo kabisa. Nimeandika hivi:

"Mkataba huu ni kati ya familia yetu (wenye mashine) na …… Ujenzi (mteja)."

Huko mbele mfano niliopewa unasema hivi, na sijabadilisha kitu:

Kifungu cha 4: "Mkodishaji atahakikisha mashine inafanyiwa matengenezo."
Kifungu cha 7: "Kampuni itawajibika kwa uharibifu wowote."
Kifungu cha 9: "Mteja akichelewa kumrudishia Mwenye Mashine, atamlipa fidia ya kila siku."

Huyu jamaa anasema ana kampuni na anataka asaini kama Mkurugenzi. Lakini karatasi aliyonitumia ni cheti cha usajili wa jina la biashara, na jina lake yeye ndilo limeandikwa kama mwenye biashara. Niandike jina lipi? Na yale maneno "ambaye katika mkataba huu ataitwa" yana kazi gani hasa, au ni mapambo ya mawakili?

---

Zege_Imara

Mkuu usijisumbue. Andika jina la biashara, ndilo lipo kwenye muhuri, kwenye risiti na kwenye akaunti ya benki. Mimi mikataba yangu yote ya kazi iko hivyo. Ila ongeza anwani na namba ya usajili, maana majina ya biashara yanafanana sana na bila namba utabishana na mtu mwingine kabisa. Muhuri ukigongwa, mambo yamekwisha.

---

Tumaini_B

Mashahidi wawe wawili kila upande, na wasiwe ndugu. Sisi tulikuwa na shahidi mmoja tu, naye alihama, ikawa shida kubwa kumpata. Hilo ndilo la kuangalia kabla ya kusaini.

---

Nuru_K

Asante Tumaini, la mashahidi nimelichukua. Ila swali langu ni la wahusika wenyewe, wale wanaofungwa na mkataba. Zege_Imara, nimekusoma, lakini bado nina wasiwasi na hiyo "kampuni" isiyo na cheti cha kampuni.

---

Karani_wa_Mikataba

Wasiwasi wako ni wa kweli, Nuru. Nimeandaa mikataba kwa muda mrefu chini ya mawakili, na ukurasa wa kwanza ndio ninaousoma mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote.

Jiulize hivi: mashine ikirudi imevunjika na malipo yamegoma, hati ya madai utaipeleka kwa nani? Lazima awe mtu, au chombo ambacho sheria inakitambua kama mtu. Kampuni iliyoandikishwa ni mtu kwa macho ya sheria: ina mali yake na madeni yake, mbali na wanahisa na wakurugenzi. Jina la biashara silo. Ni jina tu ambalo mtu fulani ameandikisha ili afanyie biashara. Nyuma yake yupo yeye mwenyewe, na deni la biashara hiyo ni deni lake binafsi.

Kwa hiyo kwa cheti ulichotumiwa, hakuna kampuni na hakuna mkurugenzi. Kuna mtu mmoja anayefanya biashara. Kampuni yenye dhima yenye ukomo huwa na maneno ya kuonyesha hivyo mwishoni mwa jina lake, na ina cheti cha kuandikishwa chenye namba yake. Mwombe hicho, kisha ukakague mwenyewe kwa msajili. Asipokuwa nacho, andika hivi:

"MKATABA HUU umefanyika leo tarehe …… mwezi …… mwaka ……

BAINA YA

(1) …… , mwenye kitambulisho namba …… , wa anwani …… ;
(2) …… , mwenye kitambulisho namba …… , wa anwani ……, na
(3) …… , mwenye kitambulisho namba …… , wa anwani …… ,
wote wakiwa wamiliki wa pamoja wa Mashine, ambao kwa pamoja katika mkataba huu wataitwa 'Wamiliki', kwa upande mmoja;

NA

…… , mwenye kitambulisho namba …… , anayefanya biashara kwa jina la '…… Ujenzi', lenye usajili namba …… , wa anwani …… , ambaye katika mkataba huu ataitwa 'Mkandarasi', kwa upande wa pili."

Jina la biashara halijatupwa, lipo. Ila limekaa nyuma ya mtu, mahali pake. Na neno "Mashine" nalo lipewe maana kwenye kifungu cha 1, na namba ya utengenezaji iandikwe, ili ijulikane ni mashine ipi.

---

Zege_Imara

Karani, nakuheshimu, lakini mimi nimesaini kwa jina la biashara miaka yote na nimelipwa. Kwa hiyo mkataba wangu ni batili?

---

Karani_wa_Mikataba

Hapana, sijasema batili. Mahakama nyingi zitatafuta ni nani hasa alikuwa nyuma ya jina, na kosa dogo la herufi haliui mkataba kama kila msomaji anaelewa nani alikusudiwa. Kwa jina la biashara lililosajiliwa, mara nyingi mwenyewe atapatikana. Unachopoteza ni muda na gharama ya kuthibitisha jambo ambalo mstari mmoja ungelimaliza.

Hatari kubwa iko kwenye majina mawili ambayo yote ni halali. Mfano upo kwenye kumbukumbu za mahakama za Uingereza, shauri la Liberty Mercian dhidi ya Cuddy, hukumu ya 2013. Mkataba wa ujenzi uliandikwa kwa jina la kampuni moja ya kundi la Cuddy ambayo ilikuwa imelala, haifanyi biashara. Ilidaiwa kwamba jina lile liliingia kimakosa, na kwamba mhusika wa kweli alikuwa kampuni nyingine ya kundi hilohilo, ile inayofanya kazi. Mahakama ikakataa kubadilisha jina. Iliyoandikwa ilikuwa kampuni iliyopo kweli, basi hiyo ndiyo mhusika.

Ndiyo maana namba yako ya usajili uliyoitaja, Zege_Imara, ni ushauri mzuri sana. Kampuni inaweza kubadilisha jina kesho, namba ikabaki ileile. Ila namba iwe ya chombo sahihi. Muhuri hautakusaidia hapo, kwa sababu muhuri unachongwa na yeyote.

---

Kalamu_Nyoofu

Naomba niingie upande wa majina mafupi, maana Nuru aliuliza kama ni mapambo.

Nuru, hesabu kwenye rasimu yako. Upande wenu umeitwa "familia yetu", "wenye mashine", "Mkodishaji" na "Mwenye Mashine". Upande wa pili ni "mteja", "Kampuni" na "Mteja". Sasa kifungu cha 7, "Kampuni itawajibika kwa uharibifu wowote." Kampuni ipi? Hakuna mhusika aliyeitwa hivyo mwanzoni. Mkandarasi wako siku ya ugomvi anaweza kusema yeye si kampuni, cheti chake kinaonyesha hivyo, kwa hiyo kifungu hicho hakimhusu. Huenda asishinde, lakini umempa pa kushika.

"Ambaye katika mkataba huu ataitwa" ni kama kufunga kamba: mwisho mmoja umefungwa kwa mtu mwenye jina kamili na kitambulisho, mwisho wa pili kwa neno utakalotumia kwenye vifungu. Ukibadilisha neno katikati, kamba haijafika popote.

Sasa tazama kifungu cha 9 kwa karibu: "Mteja akichelewa kumrudishia Mwenye Mashine, atamlipa fidia ya kila siku." Hapa tunaelewa Mteja ndiye analipa. Lakini ongeza sharti moja tu, kama watu wanavyofanya wakati wa mazungumzo: "Mteja akimjulisha Mwenye Mashine kuwa mashine imeharibika na akachelewa kuitengeneza, atamlipa fidia ya kila siku." Nani amechelewa? Nani analipa? Kwa Kiswahili yeyote anaweza kuwa ndani ya hiyo "a-" na yeyote anaweza kuwa ndani ya hiyo "-m-". Msomaji mmoja ataona fundi ni mwenye mashine, mwingine ataona mteja.

Andika hivi: "Mkandarasi akiwajulisha Wamiliki kuwa Mashine imeharibika, na Wamiliki wakachelewa kuitengeneza, Wamiliki watamlipa Mkandarasi fidia ya kila siku." Jina linarudiwa mara nyingi, sikio linachoka, lakini hakuna wa kuuliza. Kwenye insha ningelikata. Kwenye mkataba naliacha kila mara.

---

Nuru_K

Kalamu, hapo umenifungua macho. Kifungu changu cha matengenezo kimeandikwa karibu sawasawa na huo mfano wako mbaya.

Swali: kwa nini msitumie "Mkodishaji" na "Mkodishwaji"? Ndiyo niliyoyaona kwenye mifano mingi.

---

Kalamu_Nyoofu

Kwa sababu yametofautiana kwa herufi moja. Mkono ukiteleza wakati wa kuchapa, wajibu umehamia upande mwingine na sentensi bado inasomeka vizuri, kwa hiyo hakuna atakayeliona kosa. Mpangaji na Mpangishaji nayo yanakaribiana mno, Mkopaji na Mkopeshaji pia. Chagua maneno ambayo hata mtu aliyechoka hawezi kuyachanganya. "Wamiliki" na "Mkandarasi" hayafanani kwa lolote, na kwa bahati moja liko kwenye wingi na jingine umoja, hivyo hata kitenzi kinakusaidia: "watalipa" ni nyinyi, "atalipa" ni yeye.

Na herufi kubwa izingatie. "Mkandarasi" kwa herufi kubwa ni mhusika wako. "mkandarasi" kwa herufi ndogo ni yeyote mwenye kazi hiyo. Utaona faida yake kwenye kifungu cha kukataza kuazimisha: "Mkandarasi hataikabidhi Mashine kwa mkandarasi mwingine bila idhini ya maandishi ya Wamiliki."

---

Mama_Kibali

Naomba kuuliza la kwangu, linafanana. Mimi na mwenzangu tunafungua kampuni, maombi yako kwa msajili, jina limekubaliwa ila cheti hakijatoka. Mwenye ofisi tunayotaka kupanga ameshasema tusaini wiki hii. Tuandike jina la kampuni kabisa kama mpangaji, si ndiyo, kwa kuwa itakuwepo?

---

Karani_wa_Mikataba

Dada, usifanye hivyo bila kuelewa unachobeba. Kampuni inaanza kuwepo siku iliyoandikwa kwenye cheti. Kabla ya hapo haiwezi kuwa mhusika, na wala haiwezi kumtuma mtu asaini kwa niaba yake.

Kwenye sheria zilizotokana na Uingereza kuna shauri la zamani, Kelner dhidi ya Baxter, 1866. Watu waliagiza mvinyo wakasaini kwa niaba ya kampuni ya hoteli iliyokuwa bado haijaundwa. Mvinyo ukaletwa, ukanywewa, kampuni ikaanguka. Mahakama ikasema waliosaini walipe wenyewe, kwa kuwa kampuni waliyosema wanaiwakilisha haikuwepo siku ile. Nchi nyingi baadaye zimeweka kwenye sheria za kampuni njia ya kampuni kuupokea mkataba wa namna hiyo ikishaundwa, lakini masharti yanatofautiana, uliza ulipo.

Mkiweza, subirini cheti. Msipoweza, jiandikeni nyinyi wawili kwa majina yenu kama wapangaji, kisha mweke kifungu kwamba kampuni ikiandikishwa, mwenye ofisi atasaini mkataba mpya nayo na nyinyi mtaachiliwa kuanzia siku hiyo. Akikataa sehemu ya kuwaachilia, basi mjue mnabaki mnadaiwa binafsi.

---

Mama_Kibali

Mwenzangu alikuwa anasisitiza tuandike "kampuni (inayoandikishwa)". Nitamwonyesha hii. Ahsante sana.

---

Zege_Imara

Nimeenda kutazama mkataba wangu wa sasa. Mwanzo naitwa "Mzabuni", ukurasa wa tatu "Mtoa Huduma". Nilinakili kutoka mikataba miwili. Nitaomba tusaini marekebisho.

Ila mimi bado napenda jina fupi litoke kwenye jina la mtu au kampuni yenyewe, si kazi yake. Ukisoma "Mkandarasi" kwenye mkataba wenye wakandarasi watatu inakuwaje?

---

Karani_wa_Mikataba

Hapo niko upande wako kwa sehemu. Mtu mmoja akibeba nafasi mbili, jina la nafasi linasumbua. Chukua mkataba wa mkopo ambapo mkopaji ni kampuni na mkurugenzi wake ni mdhamini. Mkurugenzi anasaini mara mbili, mara ya kwanza kwa niaba ya kampuni, mara ya pili kwa nafsi yake. Akisaini mara moja tu chini ya jina la kampuni, una mkopaji na huna mdhamini. Kwenye mikataba ya wahusika wengi mimi natumia ufupisho wa jina.

---

Kalamu_Nyoofu

Mimi sikubali. Jina la nafasi linamkumbusha msomaji nani anadaiwa nini. Akisoma ufupisho wa herufi tatu inabidi arudi ukurasa wa kwanza kila mara. Kwa wahusika wengi naandika "Mkandarasi Mkuu", "Mkandarasi wa Umeme", na kadhalika. Na mdhamini ataitwa "Mdhamini" hata kama ni mkurugenzi, alimradi mwanzoni ameorodheshwa kama mhusika wa tatu kwa jina lake kamili.

---

Karani_wa_Mikataba

Tutabaki na tofauti hiyo. La msingi ni hilo la mwisho ulilosema: kila nafasi iwe na mstari wake mwanzoni na sehemu yake ya saini mwishoni.

Nuru, kwako kuna jambo la "Wamiliki" halijamalizika. Nyinyi ni watatu ndani ya jina moja. Mkandarasi akimlipa mmoja wenu, ameshalipa wote? Mmoja akimwandikia barua ya kuvunja mkataba, wengine wamekubali? Jina fupi la pamoja halijibu hayo. Ongeza vifungu viwili. Kwanza, malipo yaingie akaunti moja mliyoitaja, na yakiingia humo Mkandarasi amemaliza wajibu wake. Pili, taarifa yoyote ya Wamiliki isainiwe na mmoja mtakayemteua kwa jina, na Mkandarasi ana haki ya kuitegemea.

Na upande wa wajibu, semeni kama mnawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, au kila mtu kwa sehemu yake. Mkandarasi mwenye wakili atataka la kwanza.

---

Tumaini_B

Na ile "pamoja na warithi wake na waliohamishiwa haki zake" inayowekwa karibu na jina, ni ya lazima? Kwenye wetu ilikuwepo, na baada ya mmoja kufariki tulibishana kama mkataba unaendelea.

---

Kalamu_Nyoofu

Mimi huitoa kwenye maelezo ya mhusika. Inachanganya mambo mawili: nani ni mhusika leo, na nini kitatokea akifa au akiuza haki zake. Hilo la pili lipewe kifungu chake.

---

Karani_wa_Mikataba

Mimi huiacha, kwa sababu mawakili wengi wanaitarajia pale. Ila nakubali haitoshi peke yake. Kama kuna kifungu kinachokataza kuhamisha haki, halafu mwanzoni jina linajumuisha waliohamishiwa, umejipinga mwenyewe. Pole kwa msiba, Tumaini.

---

Nuru_K

Nimeongea na mkandarasi. Amekubali kuwa hana kampuni, ni jina la biashara. Lakini anataka pale kwenye saini abaki "Mkurugenzi", anasema wateja wake wanamjua hivyo.

Halafu limetokea jingine. Kitambulisho chake kina majina matatu. Cheti cha jina la biashara kina mawili, na la ukoo limeandikwa kwa "z" mahali ambapo kitambulisho kina "s". Nifuate lipi?

---

Karani_wa_Mikataba

La Mkurugenzi usikubali. Anayesaini kama mkurugenzi anasaini kwa niaba ya kampuni, na hapa hakuna kampuni. Ukurasa wa kwanza utasema mtu binafsi, wa mwisho utasema mwakilishi wa chombo kisichokuwepo. Sehemu ya saini isomeke: "Imesainiwa na Mkandarasi, …… (jina kamili), anayefanya biashara kwa jina la …… Ujenzi." Akipenda cheo chake kionekane, kiweke kwenye barua zake.

Jina kuu liwe la kitambulisho, yote matatu, herufi kwa herufi. Kisha ongeza: "ambaye kwenye cheti cha usajili wa jina la biashara namba …… ametajwa kama ……", ukinakili kosa lao kama lilivyo. Usilisahihishe wewe, maana atakayelinganisha karatasi baadaye anatakiwa akute zinalingana. Nakala za kitambulisho na cheti ziwe viambatisho, na mwambie apeleke cheti kirekebishwe. Kikirekebishwa katikati ya miezi sita, hamna haja ya mkataba mpya. Ambatisha cheti kipya na mwandikiane barua ya mistari miwili.

---

Nuru_K

Nimebadilisha vyote. Nimetafuta neno "Kampuni" na "mteja" kwenye waraka mzima kwa kompyuta, nimekuta sehemu ambazo macho yaliruka, moja iko ndani ya kiambatisho cha ratiba ya malipo. Kesho ndugu zangu wanasoma, kisha tunampelekea wakili kabla ya saini.